Maneno na Tarakimu: Namna ya Kukagua Mchanganuo wa Biashara wa Rafiki

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika na makatibu na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo vya Kinondoni na Temeke)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo wengi wenu mmekwisha kuifanya bila ya kuitafuta. Rafiki anakuja jioni na karatasi zake, anasema, "Ndugu yangu, nipitishie macho mchanganuo huu kabla sijaupeleka kwenye kamati ya mikopo." Mara nyingi baada ya wiki moja hurudi tena, safari hii na fomu ya udhamini. Akiba ya mdhamini huwekwa rehani mpaka deni liishe, kwa hiyo yule aliyepitisha macho kwa adabu tu, akasema "ni mzuri", huenda akaja kulipa kwa adabu hiyo.

Mchanganuo una sehemu mbili: maelezo na hesabu. Maelezo huandikwa kwa moyo. Hesabu huandikwa usiku wa mwisho, nyingine hunakiliwa kutoka kwa jirani. Kila sehemu ikisomwa peke yake haina kosa. Kosa hukaa katikati. Kwa sababu hiyo nashauri usomaji wa mara mbili. Mara ya kwanza funika kurasa za hesabu, soma maneno tu ukiwa na kalamu ya risasi, na upige mstari chini ya kila neno linalotaja idadi, muda, mtu au mahali. Mara ya pili fungua hesabu, na kwa kila mstari uliopiga tafuta tarakimu yake. Ukikuta mstari usio na tarakimu, au tarakimu isiyo na mstari, andika swali pembeni.

Nitatoa mfano mmoja. Nimeutunga mwenyewe kwa kukusanya makosa ninayokutana nayo, ili asitajwe mtu. Mwanachama wa Chamazi anataka mkopo wa shilingi 4,000,000 afuge kuku wa nyama 500. Katika maelezo anasema: banda ni la mita 10 kwa 5, atalea kuku wiki 5, atawauzia mama lishe wa Mbagala kuku 50 kwa siku, baada ya kuuza, banda litasafishwa na kupumzishwa wiki 2, vifo ni asilimia 5, kijana mmoja atalala bandani. Hesabu zake kwa mzunguko mmoja ni hizi: vifaranga 500 kwa shilingi 1,800, yaani 900,000, chakula mifuko 25 ya kilo 50 kwa 75,000, yaani 1,875,000, chanjo, dawa, mkaa na maranda 300,000. Jumla ya gharama ni 3,075,000. Mauzo ni kuku 500 kwa 9,000, yaani 4,500,000. Faida ni 1,425,000, na kwa mizunguko 10 kwa mwaka ni 14,250,000. Jumla zote ni sahihi, na mtu anayekagua kujumlisha tu atatia sahihi.

Sasa tupime. Banda halina tatizo: mita moja ya mraba hutosha kuku kama 10, naye ana mita 50. Mambo yaliyo sawa nayo yasemwe. Rafiki husikia vizuri zaidi maswali yanayofuata.

Mizunguko ndiyo ya kwanza kuulizwa. Kulea ni wiki 5. Kuuza kuku 475 kwa 50 kila siku ni siku 10, karibu wiki moja na nusu. Kupumzisha banda ni wiki 2. Hiyo ni wiki 8 na nusu, na mwaka wenye wiki 52 unabeba mizunguko 6 tu. Huyu bwana alipata 10 kwa kugawa wiki 52 kwa 5. Alisahau maneno yake mwenyewe, na pengine bila kujua aliliondoa pumziko la banda, ambalo ndilo linalozuia ugonjwa wa kundi moja usirithiwe na kundi lijalo.

Kisha vifo. Maelezo yanataja asilimia 5, lakini mauzo ni ya kuku 500. Kuku 25 wamekufa katika maneno na wameuzwa katika hesabu. Mauzo halisi ni kuku 475, yaani 4,275,000. Yule kijana wa kulala bandani naye hana mshahara popote. Tukimwekea 150,000 kwa mwezi, miezi miwili ni 300,000.

Chakula ndicho kizito kuliko vyote. Kuku wa nyama hula kilo 3 na nusu hadi 4 mpaka afike wiki 5. Tukichukua kipimo cha chini, kuku 500 wanahitaji kilo 1,750, yaani mifuko 35, si 25. Shilingi 750,000 hazikuonekana. Hapa inafaa kila katibu awe na daftari la vipimo vya shughuli za wanachama wake, maana mchanganuo hauwezi kukufichulia kosa la kipimo usichokijua.

Tukijumlisha upya, gharama ni 4,125,000 na mauzo ni 4,275,000. Faida ya mzunguko ni 150,000, na ya mwaka 900,000. Marejesho aliyoandika ni 400,000 kila mwezi, yaani 4,800,000 kwa mwaka.

Wala hatujafika mwisho. Zile siku 10 za kuuza, kuku waliobaki wanaendelea kula. Kuku aliyekomaa hula angalau gramu 150 kwa siku. Siku ya kwanza wanabaki 425, ya pili 375, na kuendelea mpaka 25. Ukiwajumlisha ni sawa na kulisha kuku 2,025 kwa siku moja, kilo 300 na zaidi kidogo, mifuko 6. Hizo ni 450,000. Ile faida ya 150,000 imegeuka hasara ya 300,000, na mwaka mzima umo katika sentensi moja ya maelezo iliyosema "kuku 50 kwa siku". Na tusisahau kwamba mama lishe wengine hulipa baadaye, ilhali hesabu imeandika fedha taslimu.

Rafiki akishaonyeshwa haya, usimsahihishie tarakimu. Ukimwandikia mifuko 35 ataichukua kama alivyochukua ile 25. Muulize, naye ajibu kwa kubadili neno au kwa kubadili tarakimu, kwani si kila mara kosa liko kwenye hesabu. Huenda kijana hayupo na atalala mwenyewe; basi afute sentensi, nasi tumuulize nani atakwenda Mbagala kuuza. Huenda yupo mchuuzi wa Kisutu atakayechukua kuku wote kwa siku 2. Basi aandike bei ya jumla ya mchuuzi huyo, ambayo haitakuwa 9,000. Kwa gharama hizi, bei ikishuka hata kufika 8,500 mauzo ni 4,037,500, na hasara ipo palepale.

Swali la mwisho ni la kalenda. Marejesho yake yanaanza mwezi wa kwanza, na kuku wa kwanza anauzwa wiki ya 6. Aeleze kwa maandishi ile 400,000 ya kwanza itatoka wapi, na fomu ya udhamini ibaki mezani mpaka karatasi hiyo irudi.