Bei ya Kitu Kilichotolewa Kifurushini: Namna ya Kulinganisha Ankara za Televisheni na Intaneti Marekani



Miongoni mwa mambo yanayowaghadhibisha watu wengi huko Marekani, wakiwamo Waswahili wenzetu waliohamia, ni kwamba mtu akishakata televisheni katika kifurushi chake, huku akitaraji ankara ishuke kwa kiasi kilichoandikwa mbele ya jina la televisheni, huletewa ankara ambayo intaneti, aliyoibakisha bila ya kuiongeza kasi hata chembe, imepanda bei. Wengi huliita jambo hilo ulaghai. Mimi naona kwamba ulaghai, ukiwapo, umo katika namna ankara ilivyoandikwa, ilhali kupanda kwenyewe kuna sababu yake ya kibiashara iliyokwisha kuelezwa zamani.

Aliyeieleza ni mwanauchumi George Stigler, mwaka 1963, alipochambua kesi ya makampuni ya sinema yaliyokuwa yakiviuzia vituo vya televisheni filamu kwa mafungu. Tuihamishe hoja yake kwenye mas'ala yetu. Wako wateja wawili: wa kwanza yu radhi kulipa dola 70 kwa televisheni na 40 kwa intaneti, wa pili, kinyume chake, 40 kwa televisheni na 70 kwa intaneti. Kampuni ikiuza kila huduma peke yake kwa 70, kila mteja atanunua moja tu, nayo itapata 140. Ikiteremsha bei hadi 40, itauza zote nne ipate 160. Lakini ikizifunga pamoja kwa 110, wote wawili watanunua, ipate 220. Basi anapokuja mtu anayetaka intaneti pekee, kampuni humdhania kuwa ni yule mwenye kuithamini mno, ikamtoza 70, na kwa hivyo televisheni aliyoikataa ilikuwa ikimgharimu 40 na si zaidi.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mas'ala yetu: bei ya kitu kilichomo kifurushini haisomwi kwenye mstari wake, maana punguzo laweza kuandikwa kwenye mstari wowote kampuni iupendao, bali hupatikana kwa kutoa jumla ya ankara isiyo na kitu hicho katika jumla ya ankara iliyo nacho.

Tutazame ankara moja ya mfano. Televisheni dola 75, ada ya chaneli za eneo 20, kodi ya king'amuzi 10, intaneti 50, na kodi ya modemu 15, jumla 170. Mwenye nyumba, akiona kwamba mistari mitatu ya mwanzo ni ya televisheni, hudhani ataokoa 105. Akipiga simu, huambiwa kuwa intaneti bila ya televisheni ni 85, pamoja na modemu ile ile 15, yaani 100. Ameokoa 70, na zile 35 zilizopotea ni punguzo lililokuwa limeegemezwa kwenye intaneti. Na ikiwa atanunua chaneli zile zile kwa njia ya mtandao kwa dola 80, amepata hasara ya 10 kila mwezi, na yeye akijihesabu kuwa mwekevu.

Aghalabu watu hukosea pia kwa kuchanganya akiba mbili. Sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2019 inakataza kumtoza mteja kodi ya kifaa alichojinunulia mwenyewe. Kwa hiyo akinunua modemu yake huziondoa zile 15, lakini angeweza kuziondoa hata kama angebaki na televisheni, na haifai kuzihesabu kuwa ni faida ya kuikata.

Kadhalika muda uwe mmoja. Tuseme ile 85 ni bei ya kukaribisha, ambayo baada ya miezi 12 hupanda hadi 100, hali kifurushi kimefungwa kwa 170 kwa miaka miwili: basi akiba ya 70 ni ya mwaka wa kwanza, wa pili ni 55, na wastani ni dola 62 na nusu kwa mwezi, kabla ya kutoa faini ya kuvunja mkataba. Tangu tarehe 10 Aprili 2024 makampuni makubwa yamelazimishwa kuonyesha, kwa kila mpango wa intaneti, lebo yenye bei ya mwezi, muda wa bei ya kukaribisha, bei itakayofuata na faini hiyo. Lebo husaidia sana upande wa intaneti pekee; punguzo la kifurushi lataka kuulizwa mbali, na jawabu liandikwe.

Simu ya nyumbani ndiyo ajabu zaidi, kwani yaweza kutokea kwamba kifurushi chenye simu ni rahisi kuliko kisicho nayo, yaani simu ina bei iliyo chini ya sifuri. Mwenye kifurushi cha namna hiyo aiache simu ankarani hata kama hana haja nayo, ila kwanza aulize jumla pamoja na kodi na tozo, maana laini ya simu huja na zake, na punguzo la dola tatu laweza kumezwa lote na hizo.