Pakiti Moja, Lita Moja: Mazungumzo Kuhusu Kuharisha kwa Watoto



Mtoto anayeharisha huhatarishwa zaidi na maji na chumvi zinazomtoka mwilini. Pakiti ya ORS huvirudisha, lakini ikichanganywa ipasavyo tu.

Chukueni mfano wa mama aliyefika duka la dawa na mtoto wa miezi 14, aliyeharisha mara nne tangu alfajiri. Mfamasia alimtazama mtoto kwanza: macho hayakuwa yamedidimia, alikunywa vizuri, na choo hakikuwa na damu. Ndipo akauliza, “Nyumbani utaichanganyaje, mama?”

Mama akajibu kwamba angetia nusu ya pakiti katika kikombe, nusu aiweke hadi kesho.

Mfamasia alimweleza kuwa mchanganyiko huo ungekuwa mkali mno, nao ungeweza kuzidisha kuharisha na kupandisha chumvi katika damu. Maji yakizidi, kwa mfano katika chupa ya lita moja na nusu, dawa hupoteza nguvu. Akamwonyesha maandishi ya pakiti ile: lita 1. Chupa ya nusu lita ijazwe mara mbili kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, pakiti yote imiminwe, ikorogwe mpaka iyeyuke. Sukari, chumvi wala maziwa yasiongezwe. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

“Kila anapoharisha, mpe robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200, kidogo kidogo,” alisema. “Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Usiache kumnyonyesha na kumlisha.” Aliye na miaka miwili na zaidi hupewa nusu kikombe hadi kikombe kizima.

Pamoja na ORS alimpa zinki: kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10, kilichoyeyushwa katika kijiko cha maji safi. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa nusu kidonge. Wengi huacha choo kinapokuwa kigumu. Lakini dozi kamili ndiyo inayopunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu ifuatayo.

Kabla mama hajaondoka, mfamasia alimtajia dalili ambazo duka la dawa haliwezi kuzitibu: damu katika choo, kutapika kila anachokunywa, kushindwa kunywa au kunyonya, kulegea au usingizi usio wa kawaida, degedege, homa kali, macho kudidimia, au ngozi ya tumbo kurudi taratibu inapofinywa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja, akiendelea kupewa ORS njiani iwapo anaweza kumeza. Vivyo hivyo aliye chini ya miezi miwili, aliyekonda sana, au aliyeharisha kwa siku 14.

Mwishowe akamwomba mama arudie maelekezo yote. Aliporudia bila kukosea, ndipo akamkabidhi dawa.