Wiki ya Kwanza ya Duka Letu la Simuni
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Katibu ameniomba nizungumze juu ya akaunti ya biashara ambayo kikundi kinataka kuifungua katika simu kwa ajili ya mradi wetu wa batiki. Laini mpya imekwisha nunuliwa na WhatsApp Business imo ndani ya simu. Swali lililobaki ni moja: katika wiki ile ya kwanza tutangaze nini?

Nimesikia wengine wakisema tupige picha za vitambaa vyote kumi na viwili, tuzitume kwa kila mtu siku hiyo hiyo. Akina mama, fedha iliyonunua nta, rangi na majora ya kitambaa imetoka katika hisa zetu wenyewe. Tukimaliza vyote Jumatatu, Jumanne tutakuwa na nini cha kusema? Naomba tulipange jambo hili kama tunavyopanga genge: kwanza meza, halafu bidhaa, ndipo mteja aitwe.

Kuna vitu vya kudumu na kuna vitu vya kupita. Stetasi hufutika baada ya saa 24. Mteja akija siku ya tatu kutafuta bei aliyoiona kwenye stetasi, hataikuta. Kwa hiyo yale ambayo mteja atayahitaji siku zote, yaani jina la biashara, mahali tulipo, saa za kazi na bei, yakae kwenye wasifu na kwenye katalogi. Haya yakamilike Jumapili, kabla hatujamwita mtu yeyote.

Picha za katalogi zipigwe mchana, karibu na mlango, bila kutiwa urembo wa simu. Simu ikiing'arisha rangi, mteja atapokea kitambaa kilichofifia kuliko alichokiona, na hapo hata ukiapa hatakuamini tena. Msichukue picha ya batiki ya mtu mwingine, hata kama inafanana na yetu. Na kwa kuwa kazi ya mkono hairudii sawasawa, kila kitambaa kipewe namba yake, ya 1 hadi ya 12. Mteja aseme "nataka namba 4", tusianze kuulizana ni ile ya bluu yenye samaki au ya bluu yenye majani.

Sasa Jumatatu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Stetasi yako haionwi na kila mtu. Huonwa na yule uliyehifadhi namba yake, naye akawa amehifadhi yako. Laini yetu ni mpya, hakuna anayeijua. Tukiweka stetasi nzuri namna gani asubuhi hiyo, tutajitazama wenyewe.

Kwa hiyo tangazo la Jumatatu litoke kwenye simu zetu binafsi. Tuko wanachama ishirini. Kila mmoja awaandikie watu watatu anaofahamiana nao, awaambie kwa maneno yake: "Dada, kikundi chetu kimeanza kuuza batiki. Namba ni hii, ihifadhi, kisha ituandikie neno moja nasi tuihifadhi yako." Hao ni watu 60 wenye sababu ya kutusikiliza. Tusiokote namba za watu kwenye magrupu ya harusi na misiba tukazimwagia ujumbe mmoja kutoka laini mpya. Watu hutublokia na kuturipoti, na akaunti ikiripotiwa sana inaweza kufungiwa kabla haijauza hata kilemba.

Jumanne tuonyeshe vitambaa vinne tu, kila kimoja na namba, urefu na bei juu ya picha. Tuseme ni mita mbili na nusu kwa shilingi 30,000. Andikeni hivyo hivyo. Ile desturi ya "bei njoo inboksi" inamchosha mnunuzi. Hudhani bei inapangwa kwa kumtazama sura.

Jumatano tuonyeshe kazi yenyewe: nta inayeyuka, chapa inagonga kitambaa, kitambaa kinazamishwa kwenye rangi. Video fupi ya mikono inatosha. Halafu tujibu swali ambalo kila mnunuzi wa batiki analo moyoni: je, inachuja? Tufue kimoja kwenye beseni jeupe, tupige picha ya maji. Maji yakiwa meupe, tuyaonyeshe. Yakishika rangi kidogo, tuseme wazi: kifuliwe peke yake mara mbili za mwanzo. Mteja aliyeambiwa mapema halalamiki.

Alhamisi tutoe vingine vinne, pamoja na namna ya kulipa. Anayelipa kwa lipa namba huona jina kabla ya kuthibitisha. Tuandike jina litakalotokea, neno kwa neno. Akiona jina asilolitegemea ataacha kulipa, na atakuwa na haki.

Ijumaa tusitunge jipya. Tuchukue swali lililoulizwa zaidi wiki hiyo, tulijibu mbele ya wote. Jumamosi tuweke vinne vya mwisho, na picha ya mteja aliyekwisha shona, lakini kwa ruhusa yake. Kama hayupo, avae mmoja wetu na tuseme ni mwanachama. Tusibuni sifa za mteja ambaye hayupo.

Katika siku zote hizo, kitambaa kikishalipiwa kiondolewe kwenye katalogi saa ile ile. Hatari yetu kubwa ni watu wawili kulipia namba 4. Ndiyo maana napendekeza mtu mmoja tu kwa zamu ajibu wateja kila siku, na daftari liwe mkononi mwake. Aidha, uwezo wetu ni kutia rangi vitambaa sita kwa wiki. Vikiisha vyote Alhamisi, tuseme vimeisha na tutaje siku ya vingine. Tusipokee fedha ya kitambaa ambacho bado ni jora jeupe.

Jumapili tukae tuhesabu. Stetasi inaonyesha walioitazama, ingawa waliozima tiki za bluu hawataonekana. Kati ya wale 60, kama wametazama wanane tu, kasoro haiko kwenye picha. Wengi hawajahifadhi namba, turudi kwa yale mazungumzo ya Jumatatu. Kama wametazama 40 na bado wanauliza bei, maandishi yetu hayasomeki. Kama wameuliza bei kisha wakanyamaza, hapo tuzungumze juu ya bei yenyewe au gharama ya kusafirisha. Kila dalili ina dawa yake, tusizichanganye.

Ndugu Mwenyekiti, pendekezo langu basi ni kwamba akaunti isifunguliwe kwa watu mpaka Mweka Hazina athibitishe jina la lipa namba na vitambaa vyote kumi na viwili viwe na namba na picha. Hata ikichukua wiki mbili zaidi, tusubiri.