Barua Pepe ya Kumwomba Msimamizi Muda wa Ziada Unapougua

Mada hii inahusu barua moja tu, ile ambayo mwanafunzi wa uzamili humwandikia msimamizi wake pale ugonjwa unapomzuia kuwasilisha kazi kwa tarehe waliyokubaliana. Wengi wetu tunaiandika kwa adabu ya kutosha. Tunachokosa ni kumpa msimamizi kitu anachoweza kukikubali. Tazameni mfano huu, ambao kwa namna moja au nyingine tumeuona sote:

"Shikamoo Daktari. Naumwa sana tangu juzi na nimeshindwa kumalizia kazi. Naomba uniongezee muda kidogo, nikipata nafuu nitaileta. Samahani sana kwa usumbufu."

Heshima ipo, na ukweli upo. Hata hivyo msimamizi hawezi kujibu "nimekubali", kwa sababu hajui anakubali nini. Itambidi aulize: kazi ipi, imefikia wapi, na utaileta lini? Mgonjwa atalazimika kuandika tena, na pengine siku mbili zitapita kabla hawajaelewana. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: ikiwa jibu la msimamizi ni swali, barua ilipungukiwa.

Sasa tuchukue kisa kimoja tukifuate mpaka mwisho. Mwanafunzi anatakiwa kuwasilisha Sura ya Tatu ya tasnifu, yaani mbinu za utafiti, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025. Jumapili tarehe 9 anashikwa na homa. Jumatatu anakwenda kituo cha afya, anapimwa, anakutwa na malaria. Anaanzishiwa dawa ya mseto na kuandikiwa ED ya kupumzika hadi Alhamisi tarehe 13. Sehemu ya 3.1 hadi 3.4 ameshaziandika. Zimebaki 3.5 ya uchambuzi wa data, 3.6 ya maadili ya utafiti, na kuhakiki marejeo. Jumanne asubuhi, homa ikiwa imeshuka kidogo, anaandika hivi:

"Mada: Ombi la kuongezewa muda, Sura ya Tatu, kutoka Machi 14 hadi Machi 19

Shikamoo Daktari, pole na majukumu.

Naomba kuongezewa muda wa kuwasilisha Sura ya Tatu kutoka Ijumaa tarehe 14 hadi Jumatano tarehe 19 Machi, saa nne asubuhi. Nimeugua tangu Jumapili, nipo kwenye matibabu, na nimepewa ED hadi Alhamisi tarehe 13. Nakala yake nimeiambatisha.

Sehemu ya 3.1 hadi 3.4 zimekamilika na nimeziambatisha pia, endapo utapenda kuanza kuzisoma. Zilizobaki ni 3.5, 3.6 na uhakiki wa marejeo, ambazo nitaanza kuzifanyia kazi Ijumaa.

Natambua kwamba tulipanga kukutana Jumanne tarehe 18 kuijadili sura hii. Kama ratiba yako inaruhusu, naomba tukutane Ijumaa tarehe 21, au siku nyingine itakayokufaa.

Nashukuru kwa kunielewa, na samahani kwa kuvuruga ratiba.

Wako mtiifu,
(jina kamili, namba ya usajili, namba ya simu)"

Barua hii inaweza kujibiwa kwa neno moja. Ombi limetangulia, sababu imefuata, na msimamizi anayeisoma akiwa njiani kuingia darasani ameshaelewa kila kitu kwenye mstari wa mada. Shikamoo imebaki mahali pake, maana kati ya mwanafunzi na mwalimu wake hapa kwetu kuiacha kungeonekana ukavu. Lakini salamu ni moja. Kuulizia familia, kazi na hali ya hewa kwa mistari minne kabla ya shida yenyewe kunamchosha msomaji.

Jambo gumu kuliko yote ni tarehe, na hapo naomba tukae kidogo. Mgonjwa akiona aibu huomba muda mfupi mno. Mwanafunzi wetu angeweza kuomba Jumatatu tarehe 17, kwa hoja kwamba ED inaisha Alhamisi. Lakini tarehe mpya haihesabiwi kwa kutazama ED pekee. Inahesabiwa kwa kazi iliyobaki. Akiwa mzima, kazi yake ilihitaji siku tatu. Dozi ya mseto ni ya siku tatu, ila kuimaliza si sawa na kurudiwa na nguvu, na mtu aliyetoka kwenye malaria huweza kuwa mchovu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo amejipa siku nne za kazi, Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu na Jumanne, akapumzika Jumapili, na kuwasilisha Jumatano. Angeomba Jumatatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba angelazimika kuandika ombi la pili. Ombi la pili ndilo linalomfanya msimamizi aanze kuitilia shaka ratiba nzima.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, mtaona kwamba barua haikutaja malaria. Haikuwa lazima. Msimamizi anahitaji kujua umeanza lini, kama umetibiwa, na unatarajiwa kurudi kazini lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na wewe mwenyewe uzitunze hivyo. Ukipenda kuutaja ugonjwa, utaje; wapo wanaoona ni uungwana kumweleza mwalimu wao. Usiambatishe majibu ya maabara, wala picha ya mkono wenye dripu. ED inatosha, na hata yenyewe si kila msimamizi ataitaka.

Kuna hali ambayo tarehe haijulikani. Vipimo havijarudi, au umelazwa. Hapo usibuni tarehe. Andika kwamba unasubiri majibu, kisha taja siku utakayomwandikia tena: "Nitakujulisha Alhamisi jioni nilipofikia." Ahadi hiyo ni ndogo, lakini msimamizi anaweza kuiweka kwenye kalenda yake. Kama huwezi hata kushika simu, ndugu au mwanafunzi mwenzako aandike mistari miwili kwa niaba yako, nawe utafuatisha barua kamili ukipata nafuu.

Mwisho, tutofautishe tarehe za aina mbili. Ile ya Sura ya Tatu ni makubaliano kati yako na msimamizi, naye ana uwezo wa kuisogeza. Tarehe ya kuwasilisha tasnifu kwa ajili ya utahini, au ya kumaliza muda wa usajili, ni ya chuo. Hapo barua pepe kwa msimamizi, hata akiijibu kwa "sawa", haikulindi. Ombi hupitia idara hadi ofisi inayosimamia masomo ya uzamili, kwa fomu zake na vyeti vya hospitali, na msimamizi hutoa maoni tu. Ugonjwa ukivuka wiki chache, muulize mapema kama inafaa kuomba kuahirisha masomo. Wapo waliojikuta wamepitwa na muda wa usajili huku wana barua pepe tatu za msimamizi zinazowaruhusu kuchelewa.

Naomba sasa kila mshiriki achukue kazi aliyo nayo mkononi, aandike barua ya aina hii kana kwamba ameugua leo, kisha ampe jirani yake aisome. Jirani akiwa na swali lolote kuhusu tarehe au kazi iliyobaki, barua irudiwe.