Barua ya asiransi: tusinyamaze

(Mazungumzo mbele ya wanachama, Likasi)



Leo tunaongea juu ya barua moja tu. Familia moja ya kwetu, ya komini ya Panda, ilipoteza baba katika ajali ya minibisi, barabara ya Lubumbashi. Walipeleka madai kwa asiransi ya ile motokari. Jibu ikakuja: dosye haijakamilika, inakosa karatasi ine. PV ya polisi ya barabarani. Sertifika ya munganga. Akte ya kifo. Na karatasi ya tribinali inayoonyesha warisi na ule atapokea feza kwa jina lao. Chini waliandika kama wanatoa siku 30 kutoka tarehe ya barua, na bila jibu dosye itafungwa.

Kwanza, tuangalie tarehe. Barua iliandikwa 4 Machi, lakini iliwafikia 11 Machi. Mama mujane alihesabu mpaka 10 Aprili. Hapana: siku zilianza 4 Machi, mwisho ni 3 Aprili. Wiki moja ilikuwa imeisha mbele hata bahasha haijafunguliwa.

Pili, sertifika ya munganga si akte ya kifo. Ya kwanza inatoka hospitali. Inasaidia komini kuandika ya pili. Wengi wanapeleka ya kwanza na kufikiri wamemaliza. Kama muda wa kutangaza kifo ulipita, lazima kupitia tribinali kwanza, na hiyo inakula siku. Karatasi ya urisi nayo inaanzia kwa familia: wanakutana, wanachagua mutu, wanaandika PV na kutia sahihi, kisha wanaenda tribinali.

Sasa, tarehe 28 Machi, mbili zilikuwa mukononi, mbili hapana. Wangengoja zote? Hapana. Tulisaidiana kuandika barua fupi: namba ya dosye, karatasi mbili tunazotuma, mbili zinazobaki ziko kwa ofisi gani, na tunaomba siku 30 zingine. Tuliambatanisha risiti ya tribinali kama ushahidi. Walipeleka kopi mbili: moja ilibaki kule, ya pili ilirudi na stampu na tarehe. Ile kopi ndiyo silaha. Asiransi iliongeza muda.

Wangenyamaza, dosye ingefungwa juu ya kukosa jibu, hata kama haki yao ilikuwa wazi. Na tukumbuke: muda wa asiransi ni kitu kimoja, muda wa sheria wa kushitaki ni kingine. Wa sheria unaweza kuendelea kutembea hata tukiwa tunatafuta karatasi. Kama mambo inachelewa, tuone avoka mapema.

Neno kwa sisi tuliorudi kutoka Zambia: tulinganishe majina. Mwansa kwa karatasi moja na Muansa kwa ingine, asiransi inaona watu wawili. Tuseme sisi wenyewe ndani ya barua, mbele waulize.

Ukipata barua ya namna hii, ilete ofisini siku ile ile, pamoja na bahasha yake.