Amana Iliyovunjwa Kabla ya Siku Zake, na Kile Apokeacho Mwenyewe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Katibu alitutaka tuseme habari ya fedha, nasi tumeona heri tuseme habari moja tu iliyompata mwenzetu, kwa idhini yake mwenyewe, wala jina lake hatulitaji. Habari yenyewe ni ya amana ya muda maalum, yaani fedha ambayo mtu huiweka benki kwa ahadi ya kutoigusa mpaka siku iliyoandikwa, na benki nayo humwahidi riba iliyo kubwa kuliko ile ya akaunti ya akiba.

Mwenzetu huyu aliweka shilingi 3,000,000 tarehe 4 Januari, kwa muda wa miezi kumi na miwili, kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Akachagua riba yake ilipwe kila baada ya miezi mitatu, maana alitaka kulipia karo za wanawe kwayo. Mwezi wa Agosti mama yake akaugua, ikatakiwa shilingi 800,000 za matibabu upesi. Akaenda benki tarehe 6 Agosti, akatia sahihi karatasi ya kuvunja amana, akarudi nyumbani. Kesho yake alipotazama akaunti yake aliona imeingia shilingi 2,952,945. Akatujia ofisini na uso umembadilika, akasema, "Ndugu zangu, riba waliyoipunguza naielewa, lakini hata mtaji wangu wameula!"

Jioni ile tulibaki naye baada ya kazi, tukaitandaza mezani barua ya amana, tukaanza kupiga hesabu tangu mwanzo. Hesabu hiyo ndiyo tuliyowaletea leo.

Kwanza tulimwuliza, je, wewe ulitazamia nini? Akajibu kwamba siku 214 zilikuwa zimepita, naye alidhani kwamba siku hizo ni zake tayari, na kwamba riba itapunguzwa kwa siku zilizosalia tu. Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Riba ya asilimia 9 si ujira wa kila siku ambao jua likichwa umekwisha kuwa wako. Ni bei ya ahadi ya mwaka mzima. Ahadi ikivunjwa, benki hurudi nyuma mpaka siku ya kwanza, ikahesabu upya siku zote zilizopita kwa kiwango kidogo. Kwa hiyo anayevunja amana hapotezi riba ya siku zijazo peke yake, bali hupoteza na sehemu ya riba ya siku zilizokwisha kupita.

Kiwango hicho kidogo ni kipi? Tulitafuta katika barua, tukakuta sentensi moja chini kabisa, kwa herufi ndogo: amana ikitolewa kabla ya wakati, riba italipwa kwa kiwango cha muda uliotimia, na kupunguzwa asilimia 2. Mwenzetu alikuwa ameisoma sentensi hiyo siku ya kuweka, ila aliielewa kuwa tisa kutoa mbili, ibaki saba. Sivyo. Yamo makato mawili ndani yake, na la kwanza limejificha. Tarehe 6 Agosti muda uliotimia ulikuwa wa miezi sita, maana ule wa miezi tisa ulikuwa haujafika. Katika orodha ya viwango ya benki ile, siku ile alipoweka fedha, amana ya miezi sita ililipwa asilimia 7. Basi mtu huanza na saba, wala si tisa. Ndipo mbili hutolewa, na kilichosalia ni asilimia 5.

Ni vema tuseme hapa kwamba benki zote hazina sheria moja. Iko ambayo humrudishia mwekaji kiwango cha akaunti ya akiba. Iko isiyolipa riba yo yote ikiwa miezi mitatu ya kwanza haijaisha. Iko ambayo hukata sehemu ya riba yenyewe badala ya kupunguza kiwango. Kwa hiyo asiende mtu na hesabu yetu benki nyingine akadhani itakuwa sawa. Kilicho sawa kila mahali ni kwamba jibu limo ndani ya barua ya amana.

Sasa tupige hesabu. Asilimia 5 ya 3,000,000 ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Igawanye kwa siku 365, uzidishe kwa siku 214, utapata shilingi 87,945. Kwa kiwango cha asilimia 9 siku hizo hizo zingalizaa 158,301. Tofauti ni shilingi 70,356, na hiyo ndiyo adhabu ya siku zilizopita. Kisha ipo kodi ya zuio, ambayo hapa kwetu Tanzania ni sehemu moja katika kumi ya riba, na benki huikata kabla ya kumpa mwenyewe. Ukiondoa shilingi 8,795 katika 87,945, mwekaji hubaki na 79,150. Hiyo ndiyo riba halisi iliyompasa, baada ya miezi saba, katika shilingi milioni tatu.

Mwenzetu akasema, "Vema, lakini basi ningepokea 3,079,150. Mbona nimepokea pungufu ya nilichoweka?"

Ni swali la haki, na jibu lake ni ile riba ya kila miezi mitatu. Mwezi wa Aprili alilipwa, na mwezi wa Julai alilipwa tena, kila mara shilingi 67,500 kabla ya kodi, kwa kiwango cha asilimia 9. Jumla ni 135,000. Lakini alipovunja amana, benki ilisema kwamba tangu mwanzo alistahili 87,945 tu. Kwa hiyo alikuwa amelipwa kupita haki yake kwa shilingi 47,055, na fedha hiyo alikuwa ameitumia zamani kwa karo. Benki huitoa wapi basi? Huitoa katika mtaji. Toa 47,055 katika 3,000,000, utaiona ile 2,952,945 iliyomtia uchungu, wala haikosi hata shilingi moja. Tulipoandika mstari huo alinyamaza kimya. Mtaji haukuliwa, alikuwa ameula mwenyewe kidogo kidogo pasipo kujua, kwa idhini ya benki. Ambaye riba yake hulipwa mwisho wa muda haoni ajabu hii, maana hajapokea kitu cha kurudisha.

Lakini kalamu yetu haikuishia hapo, maana karani akiona hesabu hailingani hawezi kulala. Tulijumlisha yote aliyoyapata mkononi. Katika zile riba mbili benki ilikuwa imekata kodi ya 13,500, ikampa 121,500. Ongeza 2,952,945, jumla ni 3,074,445. Nasi tulikwisha kuona kwamba ilimpasa 3,079,150. Zimepotea shilingi 4,705. Tulitafuta kwa muda, mpaka tukagundua ni kodi. Ilikatwa kodi juu ya riba ya 135,000, na baadaye riba ile ikapunguzwa kuwa 87,945, ambayo kodi yake ni 8,795 tu. Benki ilipojirudishia kile kilichozidi, ilijirudishia chote, pamoja na sehemu ile ambayo yeye hakuipokea kamwe kwa kuwa ilikwenda serikalini. Kwa maneno mengine, alirudisha fedha asiyopewa.

Kosa la namna hii haliandikwi katika karatasi yo yote, wala halionekani mpaka mtu alinganishe hati za kodi na riba ya mwisho. Tulimwandikia barua kwa meneja wa tawi, fupi na ya adabu, tukaweka tarakimu hizo nne kwa mpango, tukaomba kodi iliyozidi isahihishwe na hati mpya ya kodi itolewe. Hadi siku ya leo jibu halijafika, nasi hatusemi zaidi.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tungependa kurudi kwenye tarehe 6 Agosti, asubuhi, kabla sahihi haijatiwa. Mama alihitaji 800,000, na aliyevunjwa ni milioni tatu. Benki nyingi hukubali kumkopesha mwekaji kwa dhamana ya amana yake mwenyewe, na kwa kuwa dhamana iko mikononi mwao, riba ya mkopo huo kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya mikopo mingine. Tuseme ni asilimia 12. Hadi siku ya amana kuiva zilikuwa zimebaki siku 151. Shilingi 800,000 kwa siku hizo zingemgharimu riba ya 39,715, na labda ada ya karatasi. Amana ingeendelea mpaka Januari na kuzaa 270,000, kodi 27,000, yake 243,000. Ukiondoa riba ya mkopo, angebaki na 203,285 kabla ya ada. Kwa kuvunja alibaki na 74,445, pamoja na kile kidogo ambacho masalio yangezaa katika akaunti ya akiba kwa miezi mitano. Mtu huiona asilimia 12 akaogopa, akisema kukopa kwa kumi na mbili huku nalipwa tisa ni ujinga. Lakini kumi na mbili ilikuwa juu ya laki nane kwa siku 151. Adhabu ya kuvunja ilikuwa juu ya milioni tatu kwa siku 214.

Si kila mara mkopo hushinda. Anayehitaji karibu fedha yote hatakopeshwa yote, na aliyevunja katika wiki za kwanza hupoteza kidogo, kwa sababu siku za kurudishwa nyuma ni chache. Adhabu hukua pamoja na siku. Aliyebakiwa na siku kumi tu, huyo ndiye ambaye kuvunja humwumiza kupita wote, na kwa siku kumi jirani mwema angetosha.

Mwenzetu alituuliza kama tungeweza kumshauri afanye nini na masalio, maana amebakiwa na milioni mbili na ushei. Tulimwambia akiweka tena aandikishe amana mbili za milioni moja moja, kila moja na barua yake, ikitokea haja ivunjwe moja na ya pili isiguswe. Aulize kwanza kama kiwango cha milioni moja ni sawa na cha mbili, maana mara nyingine kiasi kidogo hulipwa pungufu. Na kabla ya kutia sahihi ya kuvunja, aombe karani wa benki amwandikie katika karatasi mambo matatu: kiwango kitakachotumika, riba iliyokwisha kulipwa, na kodi iliyokwisha kukatwa. Karani yule anazo tarakimu hizo mbele yake. Ni kazi ya dakika tano.

Aliweka juma lililopita. Barua zake mbili tumezisoma pamoja naye, na safari hii riba italipwa mwisho.