Bei Iliyotoboa Dari Usiku

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 4 Desemba 2023, mhadhiri alikuwa likizo kwao Kilindoni, Mafia, simu mkononi. Wakia moja ya dhahabu ilipanda ghafla hadi karibu dola 2,135, bei ambayo haikuwahi kufikiwa. Akanunua. Siku ilipoisha, bei ilikuwa imerudi karibu na 2,030.

Mhadhara wake wa umma kuhusu bendera na pembetatu za chati ulianzia hapo. Sehemu kubwa aliitumia kuipinga kauli ambayo vijana wa chati hurithishana: bei ikichungulia tu nje ya mstari, ingia.

Bendera aliipitia haraka. Bei hupanda wima, huo ndio mlingoti. Kisha hulegea kidogo kati ya mistari miwili sambamba, kwa siku chache hadi wiki tatu hivi, huku biashara ikipungua. Ikitoboa juu, urefu wa mlingoti hujumlishwa kuanzia hapo kupata mahali pa kutokea.

Pembetatu ya dhahabu aliikalia sana. Bei ilikuwa imepanda kutoka karibu 1,615 mwishoni mwa 2022, ikagonga dari la 2,080 Mei 2023. Oktoba ilishuka hadi 1,810, Februari 2024 ikaishia 1,985: dari palepale, sakafu ikiinuka. Tarehe 1 Machi soko lilifunga juu kidogo ya 2,080.

Je, hapo ndipo pa kuingilia? Mhadhiri alikigeukia kitabu anachokipenda kuliko vyote, cha Edwards na Magee cha mwaka 1948. Wao hudai bei ifunge asilimia 3 nje ya mstari. Kwa dari la 2,080, hiyo ni kama 2,142, na ule mruko wa Desemba, pamoja na kelele zake zote, haukufika hapo hata kwa dakika moja. Kanuni hiyo ingemwokoa.

Alikiri kwamba kusubiri kuna gharama. Soko lilifunga juu ya 2,142 siku chache baada ya 1 Machi, karibu 2,148, na dola kama 65 zilikuwa zimeshapita. Amri ya kukata hasara ikiwekwa chini ya 1,985, mtu anahatarisha zaidi ya dola 163 kwa faida ya 200 hivi, kwa kuwa kimo cha pembetatu, 270, kikijumlishwa na 2,080 hutoa 2,350. Hesabu hiyo ni nyembamba mno. Kwa hiyo yeye huileta amri karibu, hadi 2,060: dari lililotobolewa hugeuka sakafu, na bei ikifunga chini yake, pembetatu imeshakufa na hakuna cha kungoja.

Lakini kuhusu kufunga kwa soko hakulegeza hata kidogo. Dhahabu ilipita 2,350 Aprili, bila kurudi 2,080.